Salum Abdullah, Mbaraka, Malaika au Shakila: umwekee yupi shangazi ukienda kumsalimia

Watu wengi tukienda kumsalimia mzee tunafanya kitu kilekile. Unaandika "zilipendwa" kwenye YouTube, unachukua miksi ya kwanza inayotokea, ya saa mbili hivi, unaiacha ipige huku watu wanakula pilau. Mi nimefanya hivyo kwa shangazi yangu Idi tatu mfululizo, na Idi zote tatu shangazi alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi, halafu anauliza chai imeiva au bado.

Mwaka jana ndo nikakaa nikajiuliza, hivi hizi nyimbo zimependwa na nani hasa? Kwenye ile miksi kulikuwa na Marijani Rajab na "Zuwena", kulikuwa na Les Wanyika na "Sina Makosa", yaani nyimbo za kwenye kaseti za baba yangu, nyimbo nilizozisikia mimi nikiwa mtoto nimelala kwenye kochi. Hizo ni zilipendwa za kwangu. Shangazi kazaliwa 1946 Morogoro mjini, na "Sina Makosa" inatoka mwishoni mwa miaka ya sabini yeye alishapita thelathini, ana watoto wanne, ana kazi ya kuamka saa kumi usiku kukaanga maandazi. Aliisikia ndiyo, ila aliisikia kama kelele ya jirani.

Waliochunguza kumbukumbu za wazee wanasema kitu ambacho ukikifikiria unaona ni kweli tupu, kwamba vitu vinavyokaa kichwani kwa nguvu zaidi ni vya ule umri wa ujana, kuanzia balehe mpaka ishirini na kitu, na muziki ndo usiseme. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wimbo wowote fanya hesabu, mwaka wa kuzaliwa ongeza 15, halafu ongeza 25, hapo katikati ndo pa kutafuta. Kwa shangazi inakuwa 1961 mpaka 1971. Yaani kuanzia uhuru mpaka miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Na cha pili, jiulize ndani ya miaka hiyo alikuwa anaishi wapi, maana zamani bendi ilikuwa ya mji, watu wa Tanga walikuwa na zao na watu wa Tabora zao. Shangazi alikuwa Morogoro mpaka alipoolewa 1968, akahamia Tanga miaka minne mume akifanya kazi reli.

Ukishajua hayo mawili, orodha inapungua yenyewe. Mi zilinibakia njia nne, na nimezijaribu zote kwa siku tofauti, sasa nawaambia zilivyokwenda ili anayetaka kuchagua achague.

Ya kwanza, Salum Abdullah na Cuban Marimba

Huyu vijana wengi hatumjui kabisa, na hapo ndo tunapokosea, kwa sababu kwa mtu aliyekuwa kijana Morogoro mwanzoni mwa miaka ya sitini huyu ndo alikuwa mjini. Alianzisha bendi yake Morogoro, akaiita Cuban Marimba kwa sababu zile santuri za Kikuba zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki muda mrefu na vijana wa mabendi walikuwa wanazinakili nota kwa nota. Ukisikiliza utakuta rumba na chacha tupu, gita jepesi, sauti zinaitikiana, hamna kelele. Akafa ajalini 1965. Shangazi alikuwa na miaka 19.

Nilimwekea "Ngoma Iko Huku". Sikumwambia naweka nini, nilibonyeza tu nikaendelea kumenya machungwa. Sekunde kama ishirini hivi hakuna kitu. Halafu nikaona kidole cha mguu kinacheza ndani ya kandambili. Halafu akasema, bila kunitazama, "Hii gauni yake ilikuwa ya bluu."

Gauni ya nani, shangazi?

"Yangu mimi. Nilishonewa na fundi wa pale karibu na soko, nikaificha kwa rafiki yangu kwa sababu babu yenu angeichana." Na hapo ikafunguka, namna walivyokuwa wanaaga nyumbani wanakwenda kufundishwa kufuma vitambaa, namna kaka yake mkubwa, yaani marehemu baba yangu mimi, alivyokuwa anapewa soda ili asiseme. Baba yangu! Mtu aliyenichapa kwa kwenda disko. Sijawahi kuisikia hiyo stori miaka yote niliyoishi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba ni muziki wa kucheza, na mwili unakumbuka kabla ya mdomo. Mzee hata kama maneno yamempotea, hata kama ana tatizo la kusahau, mguu na bega vinajua chacha inaingia wapi. Uzuri mwingine ni kwamba hizi nyimbo hazijachoshwa. Kama hajazisikia miaka hamsini, ukimwekea zinamrudisha palepale alipoziacha, hazijachanganyika na harusi na matangazo ya biashara ya juzi.

Ubaya wake ni kuzipata. Jina lenyewe linaandikwa kwa namna mbili, wengine Salum wengine Salim, kwa hiyo tafuta zote mbili. Kuna CD iliyotoka miaka ya 2000 hivi yenye jina hilohilo la "Ngoma Iko Huku" imekusanya nyimbo zao za 1955 mpaka 1965, hiyo ndo rahisi kukutana nayo. Na jihadhari, baada ya Salum kufa bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza, kwa hiyo ukiona Cuban Marimba usidhani moja kwa moja ni ileile, sauti ni nyingine na miaka ni mingine. Kwa mzee aliyezaliwa 1952 huenda Kilaza ndo wake hasa. Hesabu ndo itakwambia.

Ya pili, Mbaraka Mwinshehe

Huyu kila mtu anamjua na ndo maana inabidi kuwa makini naye zaidi. Kazaliwa 1944, miaka miwili tu mbele ya shangazi, na alipigia mji huohuo, kwa hiyo kwa shangazi huyu si nguli wa taifa, ni kijana wa mtaani aliyekuwa anapiga gita. Alipiga na Morogoro Jazz tangu katikati ya miaka ya sitini, wakaenda mpaka Osaka Japani kwenye maonyesho ya Expo 70, halafu 1973 akatoka akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979.

Sasa angalia hesabu. Morogoro Jazz inaangukia kwenye ile miaka kumi ya shangazi. Super Volcano haiangukii, alishakuwa na miaka 27 na kuendelea. Lakini sisi ukituambia Mbaraka tunakimbilia "Shida", ambayo ni ya Super Volcano. Mi ndo niliyoiweka, bila kufikiri.

Shangazi alinyamaza. Sio ule unyamavu wa kusikiliza, aliinamisha kichwa akawa anakunjakunja pindo la kanga. Wimbo ulivyoendelea nikaona anafuta jicho, na mimi kwa ujinga wangu nikauliza "Unaukumbuka shangazi?" Akasema, "Mjomba wako alikuwa anauimba akinyoa ndevu." Basi. Mume wake alifariki siku nyingi, na "Shida" yenyewe jina linajieleza, ni wimbo wa mtu anayelalamikia maisha. Hatukuongea kitu tena mpaka wimbo umekwisha.

Sisemi ilikuwa mbaya. Baadaye jioni alinisimulia habari za mjomba ambazo zilikuwa nzuri sana, na kulia sio ugonjwa. Ila ukitaka Mbaraka, mgawanye mara mbili. Vya Morogoro Jazz weka mapema watu wakiwa wengi, vile vina saksafoni na gita linalokimbia, ni vya dansi. Vile vya huzuni vya mwisho mwisho weka ukiwa wewe na yeye, una muda, huna gari la saa kumi na mbili la kukimbilia. Kumfungua mtu moyo halafu ukaaga baada ya dakika tano hiyo si salamu.

Na kuna mtego mwingine wa kiufundi. Santuri za zamani ndogo zilikuwa zinabeba dakika tatu hivi kila upande, na nyimbo za Mbaraka zilikuwa ndefu, kwa hiyo ziligawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. "Shida" ni hivyo. Mtu aliyeipandisha mtandaoni mara nyingi kapandisha sehemu ya kwanza tu. Mzee aliyezoea wimbo wote anakaa anasubiri chemko, pale gita linapochanganya, halafu wimbo unafifia na kufa. Shangazi hakusema kitu lakini alinyanyua macho akaitazama ile spika kama mtu aliyenyang'anywa sahani. Tafuta sehemu zote mbili, sikiliza mpaka mwisho nyumbani kwako kwanza, ndo uje nazo. Ile mikusanyo ya Mbaraka inayoitwa "Ukumbusho" ni pa kuanzia.

Ya tatu, "Malaika"

Hii ndo inayowekwa na wajukuu, na naelewa kwa nini, kila mtu anaijua, mpaka watoto wa chekechea wanaimba. Fadhili William aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini, shangazi alikuwa binti wa miaka 14 au 15, kwa hiyo kwa hesabu ya umri inaingia sawasawa. Na habari yake ya kijana anayempenda msichana lakini hana pesa ya kuoa, hamna mzee asiyeielewa.

Tuliiweka na kweli nyumba nzima iliimba. Shangazi aliimba, jirani aliingia akaimba, ilikuwa raha. Lakini kumbukumbu? Hamna. Nilimuuliza aliisikia wapi mara ya kwanza akasema "Aa, si inapigwa kila siku." Na hilo nimelitafakari, nadhani ndo tatizo la wimbo unaopigwa kila siku, hauna tena mahali pake. Umeusikia ukiwa binti, ukausikia kwenye harusi ya mwanao, ukausikia hotelini, ukausikia kwenye tivii, basi unakurudisha kila mahali na hivyo haukurudishi popote.

Halafu toleo. Kuna la Fadhili mwenyewe, kuna la Miriam Makeba lililozunguka dunia nzima, kuna la Boney M la 1981 lenye ngoma za disko. Kwa mtu wa rika la shangazi la Boney M ni wimbo mwingine kabisa, alitoa uso kama kaonja chai ya chumvi. La Makeba alilikubali, alisema "huyu mama ana sauti" lakini akaongeza "maneno anayatamka kigeni". Ukiweka, weka la Fadhili, lile la gita tupu lenye mkwaruzo.

Kwa hiyo hii mimi nimeipa kazi moja tu, ni wimbo wa kufungulia au kufungia, pale watu wako wengi na watoto wanataka kuimba na bibi. Kama lengo ni stori usiitegemee. Tofauti ni kwa mzee ambaye kichwa kimeshachoka sana, hatambui watu vizuri, kwa huyo "Malaika" inaweza kuwa ndo wimbo pekee ambao maneno yake yatatoka yenyewe mpaka mwisho, na kule kuimba pamoja ndo maongezi yenyewe. Usimuulize swali hapo. Imba tu.

Ya nne, taarabu ya Tanga, Shakila na Black Star

Hii nisingeifikiria kabisa kama nisingeuliza habari za mahali. Kichwani kwangu shangazi ni Mluguru wa Morogoro, taarabu na yeye wapi na wapi. Lakini ile miaka minne ya Tanga ilikuwa ndo miaka ya bibi arusi mgeni, hana ndugu, na wanawake wa mtaa walimpokea kupitia vikao vya taarabu. Na Tanga ya wakati ule ilikuwa inafanya taarabu yake yenyewe, Black Star Musical Club walikuwa wameingiza gita na besi mahali ambapo Unguja walikuwa bado na fidla na kanuni, kwa hiyo muziki ulikuwa mwepesi zaidi, karibu na dansi.

Niliweka Shakila, "Kifo cha Mahaba". Hapa sikuona mguu ukicheza. Niliona mdomo. Alikuwa anatamka maneno nusu sekunde kabla ya Shakila kuyatamka, kila ubeti, hakukosea hata mmoja. Mtu ambaye asubuhi ile alikuwa ameniita kwa majina ya wadogo zangu wawili kabla hajafika kwangu.

Na stori za taarabu ni za aina nyingine. Za Salum zilikuwa stori za kuchekesha, gauni na soda na kutoroka. Za Shakila zilikuwa za nani alimtunza nani akimlenga nani, ubeti upi ulikuwa wa mke mwenza yupi, mambo ambayo hakuyasema mbele ya wanaume, alisubiri mimi nitoke nikanunue vocha ndo akawasimulia dada zangu, na mimi nimesimuliwa nusu nusu. Kwa hiyo taarabu ni ya watu wachache, na kama wewe ni mwanaume huenda ukabidi umwachie dada yako spika uende zako barazani.

Shida ya njia hii ni kwamba inategemea maneno, na wazee wengi masikio yameshapungua. Dansi hata usiposikia maneno unapata mdundo. Taarabu usiposikia maneno umekosa karibu yote, isipokuwa uwe unayajua kwa moyo kama shangazi. Kwa mzee ambaye hakuwa mtu wa taarabu ujanani usiweke kwa kudhani "wazee wa pwani wanapenda", atakaa anakuvumilia tu.

Spika, jamani

Naomba niseme hili kwa sababu nimeona nyimbo nzuri zikiuawa na simu. Sikio likizeeka linaanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu, na hizo ndo zinazobeba herufi kama s na f na t, ndo maana mzee anakwambia "nakusikia ila sikuelewi". Sauti nene za chini zinabaki muda mrefu zaidi. Sasa spika ya simu inatoa nini? Nyembamba tupu, besi haina. Yaani unampa kilekile alichopoteza na kumnyima kilichobaki. Ukiongeza sauti inakuwa mbaya zaidi, inapasuka.

Spika ndogo ya bluetuthi, hata ile ya kuazima, inatosha. Iweke mbele yake, karibu kama mita moja, si nyuma na si juu ya kabati. Zima tivii, na feni kama hali ya hewa inaruhusu. Kama anavaa kifaa cha kusikilizia, fahamu kwamba vingi vimetengenezwa kwa ajili ya maongezi na vinaweza kuuvuruga muziki, mwulize kama anasikia vizuri zaidi navyo au bila. Na daunlodi kabla ya kwenda, tafadhali. Mi Idi ya pili wimbo ulikuwa katikati shangazi ndo anaanza kusema kitu, likaingia tangazo la mikopo ya simu kwa sauti ya kupiga kelele, akashtuka, na lile alilotaka kusema mpaka leo sijalijua.

Miksi za madijei ndo usiguse kabisa. Wimbo unakatwa kabla ya chemko, dijei anapiga kelele jina lake katikati ya ubeti, na nyimbo hazina nafasi ya kupumua. Wimbo mmoja, halafu kimya cha dakika mbili tatu. Stori nyingi za shangazi zilitoka kwenye kile kimya, wimbo ukiwa umeshaisha, mimi nishaanza kudhani haikufanya kazi.

Na swali la kuuliza si "unaukumbuka?" Hilo ni mtihani, na mzee akijibu hapana anajisikia vibaya. Mi siku hizi nauliza vitu vya kushikika, mlikuwa mnavaa nini, mlikuwa mnaenda na nani, kiingilio kilikuwa bei gani, nani alikuwa na redio mtaani kwenu. Hilo la redio kwa rika lile ni zuri sana kwa sababu redio ilikuwa ya mtu mmoja na watu wanajaa uani kwake, ukiuliza ya nani unapata mtaa mzima.

Ningechagua nini, na kwa nani

Kwa shangazi wangu nimeshaamua. Nikifika, baada ya shikamoo na chai, naweka Salum Abdullah nyimbo mbili, sio zaidi, na kimya katikati. Watu wakiongezeka naweka Morogoro Jazz moja. Watoto wakitoka shule "Malaika" ya Fadhili, waimbe na bibi yao, wachoke, watoke nje. Shakila nawaachia dada zangu. "Shida" naiweka kama nalala hapohapo, na naiweka sehemu zote mbili. Nyimbo tano hivi kwa siku nzima. Zikizidi anachoka, na dalili za kuchoka ni anaanza kuuliza mambo ya jikoni au anafumba macho huku paji la uso limekunjamana, maana akifumba macho huku uso umelegea huyo anasikiliza, mwache.

Wewe wako kama ni tofauti, badilisha kwa hesabu ileile. Mzee aliyezaliwa miaka ya mwanzo ya thelathini, hasa wa Kenya, mtafutie Fundi Konde, huyu alipiga muziki wa jeshini wakati wa vita vya pili na baadaye akatawala santuri za Nairobi, wimbo wake wa "Tausi" umempata mzee mmoja jirani yetu Mombasa akiwa kijana kabisa. Kenya hiyohiyo lakini kazaliwa miaka ya arubaini, jaribu Daudi Kabaka na twisti yake, "Helule Helule". Mtu wa Lubumbashi au Likasi aliyezaliwa miaka ya mwanzo ya thelathini, gita la Jean Bosco Mwenda na "Masanga", iliyorekodiwa 1952. Na wa miaka ya hamsini mwishoni, basi ndo hapo Marijani na Les Wanyika wanakuwa sahihi, ile miksi yako ya YouTube ilikuwa ya huyu tangu mwanzo, ila hata yeye mpe wimbo mzima mmoja mmoja.

Kitu kimoja uulize kabla ya yote, kama bado anasikiliza nyimbo za dunia. Kuna wazee walioenda hija au waliookoka wakaacha dansi kabisa, na ukimwekea anaona umemkosea heshima mbele ya wajukuu. Mwulize pembeni, si mbele za watu. Kwa hao kaswida za madrasa aliyosoma au nyimbo za kitabu cha Tenzi za Rohoni alizoimba akiwa kwaya ya vijana zinafanya kazi ileile, na hesabu ni ileile, za ujana wake, sio kwaya mpya zenye kinanda cha umeme.

Shangazi mwenyewe nilimuuliza. Akacheka akasema dansi alimwachia Mungu zamani, ila Salum Abdullah Mungu anamjua.